Ukibonyeza kiungo cha barua pepe au WhatsApp na simu ikanyamaza: namna ya kutafuta kasoro ilipo

Katika duka la steshenari mjini Lindi ninakofanya kazi, tatizo la viungo visivyofunguka huletwa mara kwa mara, na karibu kila anayelileta huamini kwamba simu imeharibika, mtandao uko chini au bando limekwisha. Mara nyingi hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohusika, kwa sababu kiungo cha barua pepe hakihitaji mtandao ili kifungue dirisha la kuandikia ujumbe. Kinachohitajika ni kwamba ombi litoke kwenye ukurasa na kuufikia mfumo wa simu, kisha mfumo uone programu iliyojiandikisha kulipokea. Simu inaponyamaza, moja ya hatua hizo mbili imekatika, na mwongozo huu unaeleza namna ya kujua ni ipi.

Nitatumia kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Dada mmoja kutoka Nachingwea alikuwa akitafuta vyumba vya wageni wa harusi Mikindani. Alikuwa ameona tangazo la nyumba ya wageni ndani ya Facebook, akafungua tovuti yake, akakuta vitufe viwili: kimoja cha kuandika barua pepe na kingine cha kutuma ujumbe wa WhatsApp. Alinipa simu akasema, "Kaka, nimebonyeza hapa mpaka kidole kimechoka, haifunguki, wala haisemi kosa ni nini." Nilimjibu, "Usiizime kwanza dada, tuangalie kiungo chenyewe kimeandikwaje." Simu yake ilikuwa ya Android, kama zilivyo nyingi za wateja wetu, kwa hiyo hatua zinazofuata ni za Android, kompyuta ya Windows nitaigusa mwishoni.

Jinsi simu inavyochagua programu

Kila kiungo huanza na neno linalofuatwa na nukta pacha, na neno hilo ndilo linaloiambia simu aina ya kazi inayoombwa. `mailto:` ni kuandika barua pepe, `tel:` ni kupiga simu, `sms:` ni ujumbe mfupi, `https:` ni ukurasa wa tovuti, na `whatsapp:` ni neno ambalo WhatsApp imejitengea yenyewe. Programu inapowekwa kwenye simu huja na orodha ya maneno inayoweza kuyapokea, na Android huyaandika kwenye daftari lake. Ukibonyeza kiungo, mfumo husoma neno la mwanzo kama karani wa ghala la korosho anavyosoma lebo ya gunia kabla ya kusema lipelekwe wapi, kisha hutafuta katika daftari ni nani aliyejiandikisha kwa neno hilo.

Akipatikana mmoja, programu hiyo hufunguka moja kwa moja. Wakipatikana wengi, simu huonyesha orodha na kukuuliza uchague, ikiwa na vitufe vya `Just once` na `Always`, yaani kwa mara hii tu au siku zote. Ukichagua cha pili, simu hukumbuka jibu lako na haiulizi tena, isipokuwa programu hiyo ikiondolewa au ikija programu nyingine inayopokea neno lile lile. Ndiyo maana wakati mwingine swali hurudi baada ya kuweka programu mpya, na hilo si kasoro. Asipopatikana hata mmoja, mfumo huijulisha programu iliyoleta ombi kwamba hakuna mpokeaji, na hapo ndipo ukimya huzaliwa: kivinjari hupokea taarifa hiyo, na mara nyingi hakimwambii mtumiaji lolote.

Kuna tofauti moja inayofaa kukaa kichwani kwa sababu hurahisisha uchunguzi wote. Kiungo cha `https:` hakiwezi kukosa mpokeaji maadamu simu ina kivinjari, kwa kuwa kisipopata programu yake hufunguka kama ukurasa. Kiungo cha `mailto:` au `whatsapp:` hakina pa kukimbilia. Programu yake isipokuwepo, hakuna kinachotokea. Kwa hiyo ukimya kamili huelekeza kwenye kundi hili la pili, au kwenye kitufe ambacho si kiungo kabisa.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ni kiungo, kisha ukisome

Bonyeza kitufe au anwani hiyo na uishikilie kwa muda bila kuachia. Katika Chrome, kiungo halisi hufungua menyu ndogo ambayo juu yake huonyesha kinakoelekea. Ikiwa badala ya menyu maneno yanawekewa kivuli kama unayetaka kuyanakili, basi mwenye tovuti aliandika anwani kama maandishi ya kawaida, na hakuna mpangilio wowote wa simu utakaoyageuza kuwa kiungo. Nakili anwani, fungua programu yako ya barua pepe, ibandike, na kazi imeisha. Vitufe vingine huendeshwa na programu ndogo ndani ya ukurasa, navyo huenda visionyeshe menyu ingawa vinafanya kazi, kwa hiyo usikihukumu kitufe kwa jaribio hili peke yake.

Menyu ikitokea, isome polepole. Kiungo sahihi cha barua pepe huanza na `mailto:` na kufuatwa mara moja na anwani, bila nafasi na bila mistari miwili ya mshazari. Ukiona `http://info@example.com`, umeipata kasoro: kivinjari hulichukulia neno lililo kabla ya alama ya `@` kuwa jina la mtumiaji, na kilicho baada yake kuwa jina la tovuti, kwa hiyo hufungua ukurasa wa mbele wa tovuti ile ile. Mtumiaji aliyekwisha kuwa kwenye ukurasa huo huona umepakia upya tu, naye huja kutuambia kwamba kiungo hakifanyi kitu. Ukiona anwani ya barua pepe imeunganishwa nyuma ya jina la tovuti, kwa mfano `https://example.com/info@example.com`, mwandishi alisahau neno `mailto:`, na utakachopata ni ukurasa wa kosa.

Kwenye simu ya yule dada, kitufe cha barua pepe kilikuwa kimeandikwa sawasawa. Tukaendelea.

Hatua ya pili: toka kwenye dirisha la ndani

Hatua hii huifanya mapema kwa sababu ni ya haraka na hutibu wagonjwa wengi. Ukibonyeza tovuti ukiwa ndani ya Facebook au Instagram, mara nyingi haifunguki katika Chrome. Hufunguka katika dirisha lililo ndani ya programu hiyo hiyo. Dirisha la namna hii hujua kuonyesha kurasa, lakini halipeleki maneno kama `mailto:` au `whatsapp:` kwenye mfumo wa simu isipokuwa waliolitengeneza wameliandikia maelekezo ya kufanya hivyo. Pale wasipoyaandika, ombi hufia humo humo, hata kama simu ina programu tano za barua pepe. Dalili moja ya wazi ni ukurasa mweupe wenye maandishi haya:

```
net::ERR_UNKNOWN_URL_SCHEME
```

Dalili nyingine ni ukimya tu, kama ilivyokuwa kwa mteja wangu. Tafuta vitone vitatu kwenye kona ya dirisha, uvibonyeze, kisha uchague `Open in external browser` au maneno yanayofanana nayo, na ukurasa utahamia kwenye kivinjari halisi. Jaribu kiungo tena ukiwa huko. Kikifunguka, tatizo lilikuwa dirisha, na simu yako haina dosari yoyote.

Tulipofanya hivyo, kitufe cha WhatsApp kiliamka na kuifungua programu, ingawa kilileta tatizo jingine nitakalolieleza. Kitufe cha barua pepe kiliendelea kunyamaza. Maana yake ni kwamba sasa ombi lilikuwa linatoka, ila halikuwa na wa kulipokea.

Hatua ya tatu: uliza mfumo bila kupitia tovuti

Ili kuthibitisha jambo hilo, liondoe kabisa tovuti katika jaribio. Fungua programu ya majina ya simu, tengeneza jina la majaribio, weka anwani yoyote ya barua pepe katika nafasi yake, hifadhi, kisha ibonyeze anwani hiyo. Hapo unatuma ombi la aina ile ile ya `mailto:` moja kwa moja kwa mfumo. Dirisha la kuandikia barua likifunguka, simu iko sawa na kasoro iko kwenye tovuti au kivinjari. Simu ikisema hakuna programu ya kufanya kazi hiyo, au ikinyamaza tena, kasoro iko kwenye simu yenyewe na tovuti haina hatia. Usiruke jaribio hili. Nimeona watu wakifuta Chrome na kuiweka upya, wakimaliza bando, wakati ambapo Chrome haikuwa na kosa lolote.

Kwa dada yetu, programu ya majina nayo haikufungua kitu.

Hatua ya nne: tafuta programu ya barua pepe iliyolazwa

Simu yake ilikuwa na hifadhi ndogo, na aliposumbuliwa na ujumbe wa kwamba nafasi imejaa, kijana mmoja alimsaidia kwa "kupunguza vitu visivyotumika". Gmail ilikuwa mojawapo. Programu iliyokuja na simu kutoka kiwandani kwa kawaida haifutiki. Hulazwa kwa kitufe cha `Disable`, ambacho huondoa masasisho yake na kuificha. Ikishalazwa, maneno iliyojiandikishia hayasomwi tena, na kama haikuwepo programu nyingine ya barua pepe, basi `mailto:` haina mwenyewe katika simu nzima. Mwenye simu hahisi chochote siku hiyo. Atahisi siku atakapobonyeza anwani ya ofisi au ya nyumba ya wageni.

Njia rahisi ya kuiamsha ni kufungua Play Store na kuitafuta Gmail. Kama imelazwa, mahali ambapo huwa pana kitufe cha kufungua patasomeka `Enable`, ibonyeze. Ukipenda kupitia mipangilio, fungua `Settings`, kisha `Apps`, ufungue orodha kamili ya programu, uitafute Gmail na ubonyeze `Enable`. Baada ya hapo ifungue mara moja kwa mkono na uhakikishe kwamba ina akaunti, kwa sababu programu isiyo na akaunti hupokea kiungo lakini hukupeleka kwenye ukurasa wa kuingia badala ya kwenye barua. Programu iliyoamshwa hurudi ikiwa toleo la zamani la kiwandani na itataka kusasishwa, kwa hiyo ni vyema kuwa na bando la kutosha au kutumia waifai.

Rudia jaribio la jina la majaribio. Kwenye simu ile, dirisha la barua lilifunguka mara moja, na tuliporudi kwenye tovuti kupitia Chrome kitufe nacho kilifanya kazi. Dada akaandika kuhusu vyumba vyake palepale kaunta.

Wapo wenye tatizo la upande wa pili, yaani kiungo kinafungua programu wasiyoitaka kwa sababu siku moja walibonyeza `Always` bila kusoma. Tiba yake ni kuingia `Settings`, `Apps`, kuichagua programu hiyo inayojitokeza bila kuitwa, kufungua `Open by default`, na kubonyeza kitufe cha kufuta uchaguzi wa awali, ambacho katika simu nyingi huandikwa `Clear default preferences`. Samsung huiita sehemu hiyo `Set as default`. Ukibonyeza kiungo mara nyingine, orodha itarudi.

Mafundi wengine hupenda kukimbilia `Reset app preferences`, inayopatikana kwenye vitone vitatu vya orodha ya programu. Haifuti ujumbe wala picha, na huziamsha programu zote zilizolazwa, kwa hiyo mara nyingi huponya. Hata hivyo, hurudisha mwanzo uchaguzi wako wote, pamoja na arifa ulizozima na vizuizi vya matumizi ya data chinichini, na mwenye simu ya hifadhi ndogo ataona programu alizozilaza zimerudi kwa pamoja. Mimi huiacha iwe ya mwisho.

Kitufe cha WhatsApp kilichofunguka na bado kisifike

Viungo vingi vya WhatsApp katika tovuti ni vya `https:`, kwa mtindo wa `https://wa.me/` ukifuatwa na namba. Kwa viungo vya aina hii kanuni ilibadilika kuanzia Android 12, iliyotoka mwaka 2021. Zamani simu ilikuwa ikiuliza kama ufungue kwa programu au kwa kivinjari. Sasa kiungo cha `https:` huenda kwenye programu ikiwa tu mwenye tovuti ameithibitisha programu hiyo, au wewe mwenyewe umeiruhusu. Vinginevyo hufunguka katika kivinjari bila kuuliza. Uthibitisho hufanywa kwa faili liitwalo `assetlinks.json` linalowekwa kwenye tovuti, ambalo hutaja programu inayokubalika pamoja na alama ya ufunguo uliotumika kuitia saini.

Kutokana na hapo utaelewa kwa nini wenye matoleo ya WhatsApp yaliyochakachuliwa, yasiyotoka kwa wenyewe, hulalamika kwamba viungo huwapeleka kwenye kivinjari kila mara. Programu hizo zimetiwa saini kwa ufunguo mwingine, kwa hiyo haziwezi kuthibitishwa na tovuti ya WhatsApp. Ushauri wangu ni kurudi kwenye programu halisi.

Kama programu yako ni halisi na bado kiungo kinaishia kwenye kivinjari, fungua `Settings`, `Apps`, WhatsApp, kisha `Open by default`, na uhakikishe kwamba `Open supported links` imewashwa. Mwenye WhatsApp ya kawaida na ya biashara katika simu moja aangalie zote mbili, kwa sababu huenda mazungumzo yanafungukia namba asiyoitaka.

Katika kisa chetu, WhatsApp ilifunguka na kusema kwamba namba hiyo haipatikani. Tulipokishikilia kitufe na kukisoma, tukaona namba imeandikwa kwa kuanzia na sifuri, kama tunavyoiandika kwenye karatasi. Anwani ya `wa.me` hudai namba kamili ya kimataifa, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mwanzo na bila vistari. Kwa Tanzania ina maana ya kuanza na 255 na kuendelea na tarakimu tisa. Tulinakili kiungo, tukaweka 255 mahali pa sifuri, tukakifungua upya, na mazungumzo yakafunguka.

Mwenye nyumba ya wageni alipojibu barua, dada alimweleza kosa hilo. Kwa mwenye tovuti anayetaka kuandika vitufe vyote viwili ipasavyo, umbo lake ni hili, ambapo herufi X zinashika nafasi ya tarakimu za namba yake:

```html
<a href="mailto:info@example.com?subject=Nafasi%20ya%20chumba">Tuandikie</a>
<a href="https://wa.me/255XXXXXXXXX">WhatsApp</a>
```

Alama ya `%20` inashika mahali pa nafasi kati ya maneno. Zaidi ya hayo, aiandike anwani na namba kwa maandishi yanayosomeka kando ya vitufe, ili anayefungua kutoka dirisha la ndani la Facebook aweze angalau kuzinakili.

Kwenye kompyuta ya Windows

Kanuni ni ile ile, isipokuwa daftari liko mahali pengine. Programu ya zamani ya Mail iliyokuja na Windows ilifikia ukomo wake mwishoni mwa mwaka 2024, na kompyuta zilizokuwa zikiitegemea huenda zikafungua Outlook isiyo na akaunti au zisifungue chochote. Katika Windows 11 fungua `Settings`, `Apps`, `Default apps`, shuka hadi `Choose defaults by link type`, tafuta `MAILTO`, kisha uchague programu unayoitumia.

Anayetumia Gmail ndani ya Chrome achague Chrome katika nafasi hiyo, kisha afungue Gmail na abonyeze alama ndogo ya almasi mbili inayotokea upande wa kulia wa upau wa anwani, akubali Gmail ifungue viungo vya barua pepe. Ikiwa aliwahi kukataa na alama haitokei tena, ukurasa wa kurekebisha ni huu:

```
chrome://settings/handlers
```

Kwenye kompyuta za wateja dukani kwetu sikuweka mpangilio huo kwa makusudi. Kiungo hufunguka kwa akaunti ya yeyote aliyeingia na kusahau kutoka, na mtu anaweza kutuma ombi la kazi kwa jina la mwingine bila kujua. Hapo nawaelekeza wateja wabonyeze kiungo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, wachague `Copy email address`, waingie kwenye akaunti zao wenyewe, na waibandike anwani hiyo kwenye barua mpya.